Chumba kwanza, leseni baadaye: kufungua hoteli ya samaki Kisumu

*"Bwana afya, habari ya kazi. Nimepata chumba Kondele, kodi ni shilingi 15,000 na mwenye nyumba anataka dipoziti ya miezi miwili kufikia Ijumaa. Nataka kukaanga samaki niuze na ugali na mboga, watu kama ishirini wakikaa. Tutakuwa watatu kazini. Ni leseni gani nahitaji, na nianzie wapi ili nisije nikafungiwa nikishaingiza pesa zangu?"*

Dada, hiyo dipoziti usiitoe Ijumaa kabla hujajua maji ya kusafishia samaki yatatoka chumbani kwa njia gani na kuishia wapi.

Naanza hapo kwa sababu leseni inayomshinda mtu kupata mara nyingi si ile ya biashara. Leseni ya biashara ya kaunti ni fomu na malipo. Inayokwamisha ni leseni ya usafi wa chakula, inayotolewa chini ya Sura ya 254 ya sheria za Kenya na kanuni zake za usafi wa chakula za mwaka 1978. Hiyo hutazama jengo. Ukiwa na pesa, na kitambulisho, na vyeti vya wafanyakazi wote, na chumba kikiwa hakifai, afisa hawezi kukutilia sahihi. Na chumba ndicho kitu pekee katika orodha yako ambacho huwezi kukibadilisha bila ruhusa ya mtu mwingine.

Miaka kadhaa nyuma nilienda kukagua hoteli ya kijana mmoja na mkewe, karibu na steji ya matatu, mjini humu humu. Walikuwa wameshalipa kodi na dipoziti, wakaweka vigae ukutani, wakanunua meza na viti. Chumba kilikuwa kinang'aa. Nikauliza sinki inamwaga wapi. Yule mama akanionyesha ndoo nyeusi chini ya sinki: ikijaa, wanaenda kuimwaga kwenye mtaro wa barabarani. Chumba kile kilijengwa kiwe duka la simu, hakikuwa na bomba lolote la kutolea maji machafu. Kuchimba hadi kwenye shimo la maji taka la nyuma kungepita chini ya duka la jirani, na mwenye nyumba akakataa sakafu isiguswe. Walihama baada ya wiki sita. Vigae vilibaki ukutani. Ile siku inaniuma mpaka leo, maana kama wangeniita kabla hawajalipa, ningewaambia hayo hayo kwa dakika kumi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda ofisi ya afya ya umma inayosimamia mtaa huo na kumwomba afisa aje akione chumba kabla hujatia sahihi mkataba. Huombi leseni bado, unaomba ushauri, na kushauri ni sehemu ya kazi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti wanaouza chakula kwa umma. Ndiyo maana ada unazosikia kwa shangazi yako wa Siaya au rafiki yako wa Nakuru si lazima ziwe zako: kila kaunti hupanga zake katika sheria yake ya fedha. Uliza Kisumu kuhusu Kisumu.

Kama afisa hawezi kufika kabla ya Ijumaa, nenda mwenyewe na ndoo ya lita ishirini. Imwage sakafuni taratibu, kisha simama uangalie. Maji yakikimbilia upande mmoja na kutoka kwenye tundu la bomba, sakafu ina mteremko na ina pa kutolea. Yakitulia katikati kama dimbwi, ujue sakafu itabidi ipigwe upya. Yakitoka, toka nje uyafuate. Yanapaswa kuingia kwenye gali trapu, kile kishimo chenye kona ya maji kinachozuia harufu na mende kurudi ndani, kisha yaende kwenye maji taka ya kampuni ya maji au kwenye tangi la maji taka la ploti. Yakitokea kwenye mtaro wa mvua, huo mtaro unaelekea ziwani, na chumba hicho hakijapita.

Biashara yako ni ya samaki wa kukaanga, kwa hiyo kuna jambo la ziada. Mafuta ukiyamwaga kwenye sinki yakiwa moto yanapita vizuri, yakipoa huganda bombani, na baada ya miezi michache maji yanarudi jikoni na magamba ndani yake. Kinachozuia hilo ni kisanduku cha kunasa mafuta, kinachojengwa kwa matofali na saruji nje ya jiko. Kina kuta mbili ndani. Maji yanaingia upande mmoja, yanatulia, mafuta yanaelea juu na mabaki mazito yanazama, kisha maji ya katikati yanapita chini ya ukuta wa pili na kutoka. Hakina mashine wala umeme. Kinataka mfuniko unaofunguka na mtu wa kuchota utando wa juu kila wiki. Afisa akikuta mfuniko umepigwa saruji, anajua hakijawahi kufunguliwa. Muulize mwenye nyumba sasa hivi kama atakuruhusu kukijenga, na akikubali, liandikwe kwenye mkataba pamoja na nani anayelipia.

Maji ya kuingia nayo yahesabu. Mimi hukadiria lita kumi kwa kila sahani inayouzwa, ukijumlisha kusafisha samaki, kupika, kuosha vyombo, mikono ya wateja na kupiga deki. Ukiuza sahani sitini kwa siku, ni lita 600. Tangi la lita 1,000 lililoinuliwa juu litakupa siku moja na nusu mfereji ukikauka, basi waulize majirani mfereji hukauka siku ngapi mfululizo. Usijitegemeze kwenye kisima kifupi cha mtaani. Visima vya Manyatta na Nyalenda viko hatua chache kutoka vyoo vya shimo, na vipimo mara nyingi vimekuta humo vijidudu vya kinyesi. Kisumu ni mji unaokijua kipindupindu, na kikiingia, hoteli za chakula ndizo za kwanza kufungwa.

Jambo la mwisho la chumba ni choo. Lazima kiwepo cha wateja na wafanyakazi, ndani ya ploti, chenye pa kunawia mikono na sabuni, na mlango wake usifungukie jikoni. Kama mnachangia na maduka mengine, afisa atataka kujua nani anakiosha. Mwe na jibu moja nyote watatu.

Chumba kikipita, sasa ndipo ulipe, na ndipo upange jiko. Njia rahisi ni kumfuata samaki mmoja tangu alipoingia. Anafika kutoka Dunga asubuhi, anaingia kwa mlango wa nyuma, anawekwa kwenye barafu, anaparuliwa na kupasuliwa, anaoshwa, anatiwa chumvi, anakaangwa, anawekwa sahani, anaenda kwa mteja. Njia hiyo iende mbele tu, isijikunje. Samaki mbichi akipitishwa juu ya meza unayokatia kachumbari, afisa ataandika hilo kabla ya kuandika chochote kingine, kwa sababu kachumbari haipiti motoni. Tenga ubao na kisu cha mbichi, vingine vya vilivyo tayari kuliwa, na uviweke rangi tofauti ili hata msaidizi mgeni asikosee. Sinki ziwe mbili za vyombo, ya kuoshea na ya kusuuza, na karo dogo la mikono peke yake. Karo la mikono likikutwa na sufuria ndani, umeandikwa.

Ukuta wa jikoni uwe wa vigae au rangi ya mafuta inayopanguswa, hadi juu ya kichwa pale unapokaangia. Dari iwepo, kwa sababu bati tupu hudondosha matone ya mvuke uliochanganyika na masizi. Moshi upate bomba la kutokea nje, nalo lisielekezwe dirishani kwa jirani, maana malalamiko ya jirani humleta afisa haraka kuliko kitu kingine. Madirisha yawe na wavu wa nzi. Unga na mchele viwe kwenye rafu au chaga, inchi sita kutoka sakafuni, ili ufagio upite chini na panya asipate pa kujificha. Pipa la taka liwe na mfuniko unaofunguliwa kwa mguu.

Barafu isiwe ya mapambo. Kwa joto la Kisumu, kilo moja ya samaki inataka kama kilo moja ya barafu, na ndoo iwe na tundu chini ili maji ya damu yatoke, samaki asilale ndani yake. Lakini makosa ninayoyakuta zaidi yako upande wa pili, kwenye kile kisanduku cha kioo pale mbele. Samaki amekaangwa saa nne asubuhi, anakaa hapo anapendeza hadi saa kumi jioni. Ile balbu ya ndani inampa rangi nzuri, joto la kutosha haina. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kiwe juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na katikati ya hapo kisikae zaidi ya muda wa saa mbili. Dawa yake ni kukaanga kidogo kidogo. Usimkaange samaki nusu ili ummalizie pale mteja anapoagiza, kwa sababu nusu mbichi ni mbaya zaidi. Kaanga hadi aive kabisa, samaki sita au wanane kwa mkupuo, na mkupuo mwingine uanze wanapobaki wawili.

Sasa karatasi. Wewe na wenzako wawili mtahitaji cheti cha afya cha mshika chakula, kila mtu chake. Mnaenda hospitali ya umma au kituo kinachotambuliwa na ofisi ya afya, mnapimwa choo na mkojo na kuchunguzwa ngozi, na mwenye kikohozi kisichoisha huchunguzwa kifua kikuu. Kipimo cha choo ndicho muhimu zaidi, maana kuna mtu anayebeba vijidudu vya homa ya matumbo akiwa mzima kabisa, na mikono yake ikigusa ugali, anaambukiza wateja. Cheti hudumu miezi sita. Wengi hukitundika Januari na kukisahau, halafu mwezi wa nane wanashangaa kushtakiwa. Usikubali kununua cheti bila kupimwa. Kikikaguliwa kwenye rejista ya hospitali hakimo, na kosa linakuwa lako. Jambo moja pia: kipimo cha virusi vya ukimwi si sehemu ya hiki. Sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi, na virusi hivyo haviambukizwi kwa chakula. Mtu akikuambia kipimo hicho ni lazima, mkatalie.

Zimamoto nao wana cheti chao. Watatazama gesi kwanza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatambaa chini kama maji na kujikusanya kwenye kona au kwenye mtaro. Kwa hiyo mtungi ukae nje, umesimama wima, ndani ya kizimba chenye matundu na kufuli, mbali na tundu lolote la maji, na bomba lipite ukutani hadi jikoni. Weka kizima moto na blanketi la kuzimia moto karibu na mlango, usiviweke nyuma ya karai, kwa sababu karai likiwaka hutaweza kupita kuvichukua. Tarehe ya kukaguliwa kwa kizima moto iwe kwenye lebo yake. Na wafundishe wenzako jambo moja kabla ya yote: mafuta yakishika moto, zima jiko, funika karai, usimwage maji. Maji yakigusa mafuta yale yanageuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi darini. Afisa wa zimamoto anaweza kumuuliza yule msaidizi wako, asikuulize wewe.

Yaliyobaki ni mepesi. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen na uwe na PIN ya KRA, kisha uombe leseni ya biashara ya kaunti; ada yake hutegemea aina ya biashara, ukubwa wa mahali na idadi ya wafanyakazi, basi usiandike watu ishirini kama ni watatu. Lipa kwa njia ya malipo iliyoandikwa kwenye ankara ya kaunti, uhifadhi risiti. Pesa taslimu mkononi mwa mtu mlangoni haina kumbukumbu mahali popote, hata akivaa sare. Leseni ya usafi wa chakula huisha tarehe 31 Desemba bila kujali uliipata mwezi gani, kwa hiyo ukiwa tayari Novemba, muulize afisa kama ungoje Januari. Ukipiga muziki kwa wateja kuna leseni ya hakimiliki. Ukiweka bango, kuna ada ya bango. Ukiuza samaki kwa kilo, mizani igongwe muhuri wa vipimo kila mwaka. Alama ya ubora ya KEBS haikuhusu mpaka siku utakapofunga bidhaa kwenye pakiti na kuipeleka madukani.

Halafu inakuja siku ya ukaguzi. Ijaribu mwenyewe siku mbili kabla, saa saba mchana mkiwa mnapika kweli, hata kama ni chakula chenu. Jiko tupu hudanganya. Ingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu wengi wetu tunaingilia huko. Fungua karo la mikono: maji yanatoka, sabuni ipo, cha kukaushia ni karatasi? Taulo moja la wote halikubaliki. Inama uangalie chini ya sinki na nyuma ya friji, hapo ndipo kinyesi cha panya hupatikana, vipunje vyeusi kama mbegu za mpunga. Shika kitambaa cha kufutia meza ukinuse. Kama kinanuka, kinapaka uchafu meza hadi meza. Osha meza kwa sabuni, suuza, kisha futa kwa maji ya klorini: kijiko kikubwa kimoja cha dawa ya kung'arishia nguo, ile isiyo na manukato yenye klorini ya asilimia 3.5, kwenye lita tano za maji. Changanya upya kila siku, maana klorini huisha nguvu. Tazama kucha za wenzako, pete, koti jeupe, kofia. Mwenye kidonda mkononi akifunge bandeji isiyopitisha maji na avae glovu, mwenye kuhara akae nyumbani mpaka apone kabisa.

Vyeti vyote viweke kwenye faili moja: vya afya vya watu watatu, cha zimamoto, leseni ya biashara, risiti za malipo, na risiti ya aliyepuliza dawa ya wadudu. Afisa akifika, mwombe kitambulisho chake cha kazi, ni haki yako, kisha mfuatane naye kila kona. Usimwambie "hapo tutatengeneza kesho" kabla hajauliza. Akiona kasoro, mwombe aiandike.

Usiogope akikuandikia notisi. Notisi si kufungiwa. Inataja kasoro na siku ulizopewa kuzirekebisha, na kwa chumba kama chako, ikiwa maji yana njia, huwa ni vitu kama wavu wa dirisha, mfuniko wa pipa au ubao wa pili wa kukatia. Tengeneza, piga picha, kisha rudi ofisini kabla siku hazijaisha umwombe akague tena. Kinachofungisha ni notisi iliyowekwa chini ya kaunta hadi siku zake zikapita. Leseni ikitoka, itundike ukutani pale mteja anapoiona, na uandike kwenye kalenda tarehe ambayo vile vyeti vitatu vya afya vitatimiza miezi mitano, ili mrudi kupimwa kabla havijaisha.

Lakini Ijumaa hii, mwambie mwenye nyumba unaomba siku chache, na uende Kondele na ndoo yako.